Jinsi ya kupitia jibu la baruapepe kwa mteja wa nje kabla ya kulituma

Mwongozo huu ni kwa wanaojibu wageni katika afisi ndogo za utalii hapa Pemba na Unguja. Nitautembeza juu ya barua moja tu: wageni wawili kutoka Marekani wanataka siku tatu Pemba mwezi wa Juni 2026, wameuliza bei, mapokezi na safari ya Misali. Barua tunawaandikia kwa Kiingereza, lakini makosa yenyewe yanaonekana vizuri hata yakisemwa kwa Kiswahili. Jibu la kwanza lililoandikwa ni hili:

"Habari. Hujatuma malipo. Bei ni dola 420 pamoja na bima. Tutakupokea Pemba tarehe 05/06 saa 2 asubuhi. Misali tutaangalia. Ankara na ratiba nimeambatanisha."

Aliyeliandika analielewa lote. Mgeni hawezi.

Hatua ya 1: Futa anwani ya mpokeaji

Ukifungua jibu, anwani ya mgeni inakuwa tayari juu. Iondoe, uirudishe mwisho kabisa, ili kidole kikiteleza barua isende. Kisha fungua barua ya mgeni pembeni na uhesabu maswali yake. Huyu ameuliza matatu, kwa hiyo jibu lazima liwe na majibu matatu yanayoonekana. Tahajia iache kwanza. Hakuna faida ya kunyoosha herufi za sentensi ambayo utaifuta.

Hatua ya 2: Soma kila sentensi kama mtu ambaye hajawahi kufika

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Anza na tarehe. Mmarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 05/06 kwake ni tarehe 6 Mei. Andika mwezi kwa jina na uongeze siku ya wiki: Ijumaa, 5 Juni 2026. Siku ya wiki ina kazi yake, kwa sababu tarehe 6 Mei mwaka huo ni Jumatano, na mgeni akiona haziendani na tiketi yake atauliza mapema.

Saa ni mtego wetu wenyewe. Saa 2 asubuhi yetu ikihamishwa kama ilivyo, mgeni anasoma usiku wa manane umepita kwa saa mbili. Andika 08:00, na useme ni saa za Tanzania.

Halafu mahali. "Pemba" haitoshi, kwa kuwa kuna mji wa Pemba Msumbiji, nao una kiwanja cha ndege. Mtu anayetafuta tiketi mtandaoni anaweza kuuchagua ule bila kujua. Alama ya kiwanja chetu ni PMA, ya ule wa Msumbiji ni POL, na ya Unguja ni ZNZ. Andika "kisiwa cha Pemba, Tanzania, kiwanja cha PMA". Akija kwa boti, taja bandari kwa jina, Mkoani au Wete, maana kutoka moja hadi nyingine ni safari nzima ya gari.

"Dola 420 pamoja na bima" ina maswali mawili ndani yake: ni kwa mtu mmoja au wote wawili, na bima imo au inaongezwa juu? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima ya safari aliyokata kwao. Asipoambiwa wazi ataona ile ya kwao inatosha, na mzozo utamkuta akiwa amechoka na safari. Ongeza neno moja kuhusu makato ya benki pia. Akituma kwa benki, aambiwe achague `OUR`, yaani makato yote yawe juu yake. Akichagua `SHA`, fedha zinaweza kufika pungufu na mkaanza kudaiana dola chache.

Mwisho, "tutaangalia". Sisi tunaposema hivyo, kila mtu anajua jambo linategemea bahari. Mgeni hajui kama ameahidiwa au amekataliwa. Mwambie nani ataamua, lini, na nini kitafuata ikishindikana.

Hatua ya 3: Sikiliza sauti ya barua

Msomee mwenzako kwa sauti. "Hujatuma malipo" inamnyooshea mgeni kidole, na pengine fedha ziko njiani. Zungumzia akaunti yako, usimzungumzie yeye: "Hadi leo mchana malipo hayajaonekana kwenye akaunti yetu." Salamu iwe mstari mmoja, na jina liandikwe kama alivyolitia sahihi mwenyewe. Barua fupi kutoka kwa Mmarekani si hasira, kwa hiyo usiijibu kwa kujitetea.

Barua yetu sasa inasomeka hivi:

"Asante kwa barua yako. Bei ni dola za Marekani 420 kwa watu wawili, yaani 210 kwa kila mmoja. Bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa kila mtu mzima, haimo. Tutawapokea kisiwa cha Pemba, Tanzania, kiwanja cha PMA, Ijumaa 5 Juni 2026, 08:00 saa za Tanzania. Safari ya Misali nahodha ataithibitisha jioni ya siku hiyo kwa kuangalia upepo wa kusi. Isipowezekana tutawapeleka msitu wa Ngezi bila malipo ya ziada. Hadi leo mchana malipo hayajaonekana kwenye akaunti yetu. Mkituma kwa benki, tafadhali chagueni OUR, yaani makato yote yawe juu yenu. Nimeambatanisha mafaili mawili: ankara ya awali na ratiba ya siku tatu."

Hatua ya 4: Fungua viambatanisho ukiwa ndani ya barua

Usivifungue kwenye folda yako. Vifungue pale pale vilipoambatanishwa, kwa kuwa hivyo ndivyo mgeni atakavyovipata. Mafaili yaliyopitia simu huja na majina kama haya ya juu, na yanapaswa kuwa kama ya chini:

```
DOC-20260203-WA0007.pdf
ratiba final2 MPYA.pdf

PB-014_Proforma_2026-02-13.pdf
PB-014_Itinerary_2026-02-13.pdf
```

Namba ya safari inatangulia, kisha aina ya hati kwa lugha ya mgeni, kisha tarehe ya hati kwa kuanza na mwaka. Jina hilo lifanane na maneno ya barua: ukisema ankara ya awali, faili lisiwe stakabadhi.

Kuna kosa moja ambalo jina zuri haliliponyi. Wengi wetu tunachukua ankara ya mgeni wa zamani kwenye Wodi, tunabadilisha majina na bei, tunaihifadhi kama PDF. Kichwa cha ndani cha hati kinabaki cha zamani, na mgeni akiifungua kwenye kivinjari anaweza kuona jina la mtu mwingine juu ya kioo. Ifungue hivyo wewe kwanza. Ukiona jina geni, rudi kwenye Wodi, `File`, kisha `Info`, safisha sehemu ya `Title`, halafu utoe PDF upya. Kubadilisha jina la faili peke yake hakuligusi.

Hatua ya 5: Rudisha anwani, tuma, kisha fungua ulichotuma

Kwenye Gmail weka `Undo Send` iwe sekunde 30. Baada ya hapo nenda `Sent`, ufungue mafaili tena. Ukigundua kosa, usitume faili jipya kimya kimya lenye jina lile lile. Liongezee `_v2`, na katika mstari wa kwanza wa barua useme limechukua nafasi ya lipi na nini kimebadilika, mfano "saa ya mapokezi tu, bei ni ile ile".