Kupima ukingo wa kijito unavyoliwa, kwa vipande vya nondo

Mwongozo huu ni wa vijito vyenye kingo za udongo, kama vile vinavyoshuka Uluguru kuelekea Morogoro. Anza kiangazi, maji yakiwa chini.

1. Kata nondo nyembamba ya milimita 8 vipande vya sentimita 60. Nondo nene hupasua udongo na kuleta mmomonyoko wako mwenyewe.

2. Chagua mstari mmoja unaoshuka ukingoni, kisha pigilia vipande vinne kimoja chini ya kingine, cha mwisho karibu na usawa wa maji. Viingie moja kwa moja kwenye uso wa ukingo, sentimita 5 zikibaki nje. Rudia mistari mingine kila baada ya mita chache, na usikwepe sehemu zinazoonekana imara. Rangi nyekundu husaidia kuviona, ila huwaita pia wakusanya chuma chakavu. Zungumza kwanza na mwenyekiti wa mtaa na wanaochunga hapo.

3. Juu ya ukingo, mita 3 kutoka ukingoni, simika kigingi cha zege kwa kila mstari. Pima umbali wake hadi ukingoni. Kisha teremsha timazi kutoka ukingoni na upime uwazi kati ya uzi na uso wa udongo, penye kila nondo. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo itakayookoa vipimo vyako.

4. Pima urefu wa kila nondo uliobaki nje masika yakiisha, na tena vuli ikiisha. Subiri maji yashuke: ukingo uliolowa huporomoka hasa mto unapopungua, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakiuegemea yameondoka. Tumia rula ya chuma, upande uleule wa nondo kila mara. Tofauti ya milimita mbili tatu usiihesabu. Nondo iliyozama kwenye tope andika kwa alama ya kutoa.

5. Sasa hesabu. Tuseme baada ya masika nondo tatu za juu zimefichuka kwa sentimita 1.5, 4 na 12 zaidi, na ya chini haipo. Ukiiacha, wastani ni 5.8. Lakini nondo hiyo ndiyo iliyokuwa mahali palipoliwa zaidi. Rudi kwenye kigingi: mwanzoni ukingo ulikuwa sentimita 300 kutoka kigingini na uwazi wa timazi chini 10, yaani uso ulikuwa 290. Leo ni 298 na 68, yaani 230. Umeliwa sentimita 60, na wastani wa mstari ni 19.4. Kama timazi ingeonyesha uso haujasogea, basi nondo iling'olewa na mtu.

6. Nondo iliyofichuka zaidi ya nusu usiigongee ndani. Pigilia mpya sentimita 30 pembeni, uandike tarehe na vipimo vya zote mbili.

Jumlisha msimu kwa msimu, masika na vuli kando kando. Ukingo uliochimbwa chini hivi unaweza kukaa misimu miwili bila badiliko juu, kisha ukaanguka wote usiku mmoja. Kiwango cha mwaka kisitangazwe kabla ya miaka mitatu.