Skrini isizime katikati ya prezentesheni

Wengi wakishazimikiwa skrini mbele ya watu wanaenda kuweka Never halafu wanaisahau hivyo hivyo, laptop inakaa inawaka meza tupu mchana kutwa. Haina haja. Kwenye Windows weka skrini izime baada ya dakika 3 na mashine ilale baada ya 15, basi.

Pawapointi ikiwa kwenye slaidi shoo, au video inacheza VLC au kwenye brauza, programu yenyewe inaiambia Windows isizime skrini, kwa hiyo hizo dakika 3 hazikugusi. Shida iko kwenye PDF. Ukiprezenti kwa PDF Windows inaona umekaa tu hugusi kitu, ukiongelea slaidi moja dakika nne hivi, giza. Kujua kama kuna programu inayoizuia, fungua Terminal kama admin uandike `powercfg /requests`, uangalie chini ya DISPLAY, ukikuta None ujue hakuna.

Sasa kabla ya kuanza kuongea piga hizi:

```
powercfg /change monitor-timeout-ac 0
powercfg /change standby-timeout-ac 0
```

Sifuri maana yake isizime kabisa. Ila ac ni ukiwa umechomeka chaja tu, ukiwa unatumia betri andika dc badala yake (hapa ndo watu wanalia, chaja imechomoka hawajaona). Ukimaliza rudia zile zile, 3 kwa monitor na 15 kwa standby.