Fuata shayiri ya Uruk: kutoka mfereji hadi bamba la udongo

Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hukariri kwamba umwagiliaji "ulileta serikali", lakini ukiwauliza ulileta vipi, wananyamaza. Ndiyo maana huwa nawaambia waifuate shayiri. Mfano wetu ni Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, takriban mwaka 3300 KK.

Hatua ya 1: Chora kalenda mbili. Ya kwanza ni ya Mto Frati, ambao hujaa majira ya kuchipua, theluji ya milima ya kaskazini inapoyeyuka. Ya pili ni ya shayiri: hupandwa mwishoni mwa mwaka, huvunwa Aprili au Mei. Ziweke juu na chini, tatizo utaliona mara moja. Wakati wa kupanda, mto umepungua, na wakati wa kuvuna, unafurika. Kwa hiyo mkulima alihitaji mfereji wa kuleta maji na tuta la kuyazuia. Mifereji nayo hujaa matope, haina budi kuzibuliwa tena na tena.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya chakula. Tuseme watu 20 wanazibua mfereji kwa siku 10, kila mmoja akipewa bakuli moja la shayiri kwa siku. Hayo ni mabakuli 200, na lazima yatoke kwenye ghala la mtu.

Hatua ya 3: Tafuta mwenye ghala. Uruk, hekalu lilikuwa na mashamba, mifugo na wafanyakazi wake. Ziada ilipokelewa kama mali ya mungu, makuhani na wakuu wakaisimamia. Anayegawa chakula ndiye anayeita watu kazini, na hapo mamlaka yanaanza kuonekana.

Hatua ya 4: Soma bamba. Mabakuli 200 kwa kundi moja unaweza kuyakumbuka. Makundi yakiwa mengi, kichwa hakitoshi. Karani alichukua udongo mbichi, akabonyeza tarakimu kwa kijiti, akachora alama. Itazame moja kwa makini: kichwa cha mtu, na bakuli mdomoni. Maana yake ni posho, au kula. Mabamba mengi ya mwanzo ni hesabu za namna hii. Tenzi na sifa za wafalme zilikuja baadaye sana.

Hatua ya 5: Pima mpangilio wa sababu. Hapa wengi hukosea, wakidhani mifereji mikubwa ilitangulia na mfalme akafuata. Mifereji midogo ingeweza kuendeshwa na wanakijiji wenyewe, bila mfalme. Linganisha na Entemena, mtawala wa Lagash, takriban mwaka 2400 KK. Maandishi yake kwenye koni ya udongo yanasimulia ugomvi wa mpaka na maji dhidi ya mji jirani wa Umma. Kati ya mabamba ya Uruk na koni hiyo kuna karibu miaka 900. Andika tarehe hizo mbili kwenye mstari wa wakati kabla hujachora mshale wowote wa "kwa sababu".