Kupanga mwinamo wa paneli ya sola: kutoka latitudo hadi kimo cha jua la mchana

Kanuni inayosikika kila mahali ni hii: mwinamo wa paneli uwe sawa na latitudo ya mahali ulipo. Kanuni hiyo ina msingi, lakini haisemi paneli ielekee wapi wala ni miezi gani utakayopungukiwa. Karibu na ikweta mambo hayo mawili yana uzito kuliko namba yenyewe, kwa sababu huko jua la mchana hupita upande wa kaskazini sehemu moja ya mwaka na upande wa kusini sehemu nyingine. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: latitudo ya nyuzi 8 kusini, paneli isiyohamishwa.

Hatua ya 1: Jua latitudo yako na upande wake

Ramani yoyote ya simu itakupa. Nyuzi nzima zinatosha, desimali hazitabadilisha chochote. Kitu cha kuandika kwa uangalifu ni upande: kaskazini au kusini mwa ikweta. Kwenye baadhi ya ramani kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa, yaani -8.

Hatua ya 2: Jua liko utosini mwa latitudo gani?

Kila siku ya mwaka kuna latitudo moja ambayo jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Tarehe 20 au 21 Machi ni ikweta. Baada ya hapo jua husogea kaskazini: mwezi mmoja baadaye liko karibu nyuzi 12, miezi miwili baadaye nyuzi 20, na tarehe 21 Juni linafika mwisho wake, nyuzi 23.4. Kisha linarudi kwa mwendo ule ule, linavuka ikweta tarehe 22 au 23 Septemba, na kwenda kusini hadi nyuzi 23.4 karibu na tarehe 21 Desemba. Ukikumbuka 0, 12, 20, 23 umebeba mwaka mzima kichwani. Anayetaka siku maalumu atumie hesabu hii, ambapo n ni namba ya siku tangu Januari 1:

```
d = 23.45 * sin(360/365 * (284 + n))
```

Pembe ni za nyuzi, na jibu lenye alama ya kutoa ni kusini.

Angalia namba hizo tena. Kutoka 0 hadi 12 ni mwezi mmoja, lakini kutoka 20 hadi 23 na kurudi 20 ni miezi miwili. Jua hupita katikati haraka na kukawia kwenye ncha. Kanuni ya "mwinamo sawa na latitudo" inailenga paneli kwenye ile katikati, mahali ambapo jua halikai. Ndiyo sababu naona inafaa kuanzia tu.

Hatua ya 3: Kimo cha jua la mchana

Chukua umbali kati ya latitudo yako na latitudo ya jua. Zikiwa pande tofauti za ikweta jumlisha, zikiwa upande mmoja toa. Umbali huo ndio jinsi jua lilivyoinama kutoka utosini, na ndio mwinamo ambao ungeifanya paneli ilikabili jua la adhuhuri moja kwa moja. Ukiutoa kwenye 90 unapata kimo cha jua juu ya upeo wa macho.

Kwa nyuzi 8 kusini:

Juni 21, 8 jumlisha 23.4 ni 31.4. Jua liko kaskazini, kimo nyuzi 58.6.
Machi na Septemba, jua liko nyuzi 8 kaskazini ya utosi, kimo 82.
Desemba 21, 23.4 toa 8 ni 15.4. Jua sasa liko kusini, kimo 74.6.

Jua linakuwa utosini kabisa mara mbili, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kati ya Oktoba na Februari paneli iliyoinamia kaskazini inalipa jua mgongo kidogo.

Hatua ya 4: Amua msimu gani unautetea

Paneli isiyolikabili jua hupokea miale kwa kiasi cha kosaini ya pembe iliyokosewa. Kosa la nyuzi 10 linapoteza asilimia 1.5 tu. La 20 linapoteza 6, la 30 linapoteza 13, na baada ya hapo hasara inaongezeka haraka. Kwa hiyo usihangaike na nyuzi mbili tatu. Hangaikia miezi ambayo kosa linapita 30.

Ukilaza paneli kabisa, Juni unapoteza asilimia 15 ya miale ya adhuhuri na Desemba asilimia 4. Ukiiweka nyuzi 8 kaskazini, ncha zote mbili zinapoteza 8. Ukiiweka nyuzi 31 ili Juni iwe kamili, Desemba inapoteza 31, na hilo ni kosa la mtu aliyepima mara moja tu kwa mwaka.

Mimi ningechagua nyuzi 12 kuelekea kaskazini. Juni inapoteza asilimia 6 na Desemba 11. Sababu ya kuipendelea Juni ni kwamba kusini mwa ikweta ndio mwezi wenye siku fupi. Kwenye nyuzi 8 mchana wake ni mfupi kuliko wa Desemba kwa karibu saa moja. Zaidi ya hapo, dunia huwa karibu na jua mapema Januari na mbali mapema Julai, na tofauti hiyo peke yake hufanya mwanga wa Januari uwe na nguvu kwa karibu asilimia 7. Desemba tayari ina akiba yake.

Sababu ya pili haihusu jua. Chini ya nyuzi 10 maji ya mvua hayateremki vizuri, yanasimama kwenye ukingo wa fremu wa chini na kuacha mstari wa vumbi. Mstari huo ukifunika safu ya mwisho ya seli, unaweza kukata umeme kuliko kosa la nyuzi 20. Hata aliye juu ya ikweta asilaze paneli.

Tahadhari moja: hesabu hizi ni za miale ya moja kwa moja. Wingu likitanda, mwanga huja kutoka anga lote na mwinamo hauna nguvu tena. Kama mawingu yako mazito yanaangukia Juni na Julai, bakia kwenye 10. Kama yanaangukia Desemba, unaweza kwenda hadi 15 bila majuto, kwa kuwa jua la Desemba unalolipoteza ni dogo hata hivyo.

Hatua ya 5: Kuiweka

Mwinamo hupimwa kutoka kwenye usawa wa pimamaji, si kutoka kwenye bati. Zidisha urefu wa paneli unaopanda na sine ya mwinamo. Paneli ya sentimita 170 kwa nyuzi 12: 170 × 0.208 ni sentimita 35. Basi ukingo wa juu uwe sentimita 35 juu ya ukingo wa chini, na ukingo wa chini uwe upande wa kaskazini. Kama paa tayari lina mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, lifuate tu.

Kwa mwelekeo, simika fimbo ya mita moja wima kwa timazi, uweke alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika kumi kuzunguka adhuhuri. Kivuli kifupi kuliko vyote kinalala kwenye mstari wa kweli wa kaskazini na kusini. Dira inaweza kupotoshwa na chuma cha paa, na saa ya ukutani nayo si lazima iseme saa sita kamili wakati huo. Kivuli hicho pia kinahakiki hesabu yako: Juni 21 kiwe karibu sentimita 61 kuelekea kusini, Desemba 21 sentimita 27 au 28 kuelekea kaskazini. Kikitofautiana sana, ama fimbo imeinama au umekosea upande wa latitudo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kusini mwa ikweta, karibu na nyuzi 8 hizo hizo. Fundi alinifungia paneli kwa nyuzi 15 zikitazama kusini, akasema mwongozo ndivyo ulivyoandika. Desemba betri inajaa mapema, lakini Juni na Julai haijai. Ni betri imechoka?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kuilaumu betri, geuza paneli. Mwongozo huo uliandikwa kwa walio kaskazini mwa ikweta. Juni jua lako liko nyuzi 31 kaskazini na paneli imeinamia 15 kusini, kosa ni 46, yaani karibu theluthi ya miale ya adhuhuri inapotea. Desemba kosa halifiki hata nyuzi 1, ndiyo maana unaona inajaa mapema. Betri iliyochoka ingekusumbua miezi yote.

Swali: Paa langu lina pande mbili tu, mashariki na magharibi, mteremko kama nyuzi 12. Nijenge stendi ya kugeukia kaskazini?

Jibu: Kwa latitudo ndogo sioni haja. Mteremko wa 12 kwenda mashariki unapunguza asilimia 2 tu ya adhuhuri ukilinganisha na paneli iliyolala, na unachopoteza jioni unakirudisha asubuhi. Chagua upande kufuatana na saa unazotumia umeme na upande usio na kivuli cha mti. Stendi inayonyanyuka juu ya paa inavuta upepo, na hilo ni tatizo kubwa kuliko asilimia chache.

Swali: Zangu ziko chini kwenye fremu ya bawaba. Nikibadilisha mara mbili kwa mwaka nitapata nini?

Jibu: Mwishoni mwa Machi weka nyuzi 23 kaskazini, mwishoni mwa Septemba weka 10 kusini. Hasara ya adhuhuri haitapita asilimia 7 hivi siku yoyote, na kwenye ncha zote mbili itakuwa chini ya 2. Kama fremu iko tayari, fanya. Kununua fremu kwa ajili hiyo tu, hapana, paneli moja ya ziada inaleta zaidi.

Swali: Ndugu yangu yuko latitudo 50 kaskazini, wamemfungia nyuzi 35 kutazama kusini. Kwa nini si 50?

Jibu: Kwao mchana wa kiangazi ni mrefu sana na jua liko juu, wakati Desemba kimo cha adhuhuri hakifiki nyuzi 17 na mawingu ni mengi. Kwa hiyo umeme mwingi wa mwaka hutoka kiangazi, na mwinamo hushuka chini ya latitudo ili kuuvuna. Anayetegemea betri peke yake wakati wa baridi angefanya kinyume, aende 60 au zaidi.

Swali: Kuna njia ya kuhakiki bila hesabu?

Jibu: Chukua paneli moja isiyofungwa popote, siku ya anga safi, adhuhuri. Weka mita kwenye ampea za DC, hakikisha uwezo wake unazidi namba ya Isc iliyoandikwa nyuma ya paneli, kisha unganisha ncha mbili na uinamishe paneli polepole ukisoma. Ampea zikifika juu kabisa, pima mwinamo: utakuwa ule wa hatua ya 3 kwa tarehe hiyo. Utaona pia kuwa nyuzi 10 huku au kule hazitikisi namba sana. Kumbuka tu kwamba kipimo hicho ni cha siku moja, kwa hiyo usifungie paneli hapo.