Mkalimani wa bure wa Foshan alitugharimu yuan 24,000

Mjomba wangu alifunga safari kutoka Dar kuja kununua marumaru Foshan, China, na mimi ninayeishi Guangzhou nikawa mwenyeji wake. Siku mbili kabla ya kikao muuzaji akatuandikia WeChat: msihangaike na mkalimani, tunaye wetu, hamlipi chochote. Mjomba akafurahi. Nami nikanyamaza, na hapo ndipo tulipoumia.

Bei ilikuwa yuan 120,000, kianzio asilimia 30, yaani 36,000. Mjomba akauliza swali zuri kabisa: mteja wangu akijitoa, pesa yangu inarudi? Mkalimani akaongea na meneja muda mrefu, kisha akatugeukia na maneno manne: "Ni advansi tu, msijali." Tukasaini. Wiki tatu baadaye mteja wa Dar akajitoa kweli, tukaenda kudai chetu, tukaonyeshwa neno moja kwenye mkataba.

Liangalieni vizuri: 定金. Na hili jingine: 订金. Yote mawili hutamkwa "dingjin", hata Mchina akiyasikia tu hawezi kuyatofautisha. La kwanza linaanza na herufi yenye paa juu kama nyumba. Hilo ni arbuni hasa: kwa Sheria ya Madai ya China inayotumika tangu Januari 1, 2021, mnunuzi akivunja mkataba hana haki ya kuidai, na muuzaji akivunja yeye, anairudisha mara mbili. La pili halina paa, na ni malipo ya awali tu, ambayo kwa kawaida hurudi biashara ikifa, ingawa muuzaji anaweza kudai fidia ya hasara yake. Upande wa Kiingereza wa mkataba wetu uliandikwa "malipo ya kwanza" tu, na chini kabisa kulikuwa na kifungu kwamba pande mbili zikipingana, Kichina ndicho kinachofuatwa.

Kilichotuokoa kidogo ni kwamba sheria hiyohiyo hairuhusu arbuni kuzidi asilimia 20 ya bei. Kwa hiyo 24,000 zilikwenda, na 12,000 zilizozidi tukarudishiwa, baada ya wakili kuandika barua.

Kwa hiyo, nani amwite mkalimani? Wewe. Nani amlipe? Wewe. Mwenzako naye aje na wake akitaka. Mkikubaliana kuchangia mmoja, kila upande umlipe nusu yake mkononi mwake, na iandikwe kabla ya kikao. Mkalimani unayepewa bure analipwa na mtu, na huyo mtu si wewe. Tena hata uliyemwita mwenyewe anaweza kuwa anapokea kamisheni kwa muuzaji, kitu kinachoitwa "huikou", na kinaingizwa kwenye bei yako. Muulize waziwazi, akujibu kwa maandishi kwenye WeChat kwamba hapokei. Akianza kukupendekezea viwanda kabla hujauliza, tafuta mwingine.

Mengine ni ya kawaida: mpatane kwa siku au nusu siku, saa za ziada, nauli na chakula ni vya nani. Usimchukue mwanafunzi wetu asiye na kibali cha kufanya kazi, utamponza yeye na viza yake. Mtumie rasimu ya mkataba siku moja kabla.

Ndani ya kikao, usikubali ufupisho. Meneja akiongea dakika tano ukapewa sentensi moja, simamisha, sema, "Naomba yote, neno kwa neno." Likifika suala la pesa, mwambie mkalimani aandike neno lenyewe la Kichina kwenye karatasi, uangalie paa. Mimi sasa nafanya hivyo kila mara, na hakuna muuzaji aliyenikasirikia.

Wachina ninaofanya nao kazi wanajali sana kutoaibishana mbele za watu. Mkalimani wa kwao huona ni adabu kulainisha swali kali, na sidhani wote hufanya hivyo kwa hila. Lakini swali la mjomba lilihitaji jibu kali, na likalainishwa likapotea. Adabu hiyo naiheshimu mezani tunapokula, si tunaposaini.

Na ninyi ndugu zetu wa nyumbani, jamani, msituambie "si unaishi huko, utatutafsiria." Kichina changu ni cha kuulizia bei na kupanda teksi. Mjomba aliniambia, "Mwanangu, kwa nini tumlipe mtu kazi unayoijua?" Mara ya pili alipokuja, ada ya mkalimani aliihesabu pamoja na tiketi ya ndege. Kwenye mkataba mpya yule dada tuliyemlipa akaweka kidole juu ya herufi, mjomba akainama na miwani yake, akasema, "Hii haina paa. Tusaini."