Jinsi ya Kufupisha Hansadi ya Bunge: Muswada, Kura na Uamuzi

Huku Tabora, hasa Urambo na Kaliua, swali la kwanza kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, baada ya kikao cha Bunge huwa moja: "Ile sheria imepita au haijapita?" Jibu lipo kwenye Hansadi, yaani Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge. Lakini kikao kimoja kinaweza kujaza kurasa zaidi ya mia, na nyingi ni hotuba. Ukitaka muhtasari wa kubandika ubaoni, fuata utaratibu huu.

1. Pata nakala sahihi. Hansadi nyingi zipo kwenye tovuti ya Bunge katika mfumo wa PDF. Ukikosa unayoitaka, andika barua kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, ukitaja Mkutano wa ngapi, Kikao cha ngapi na tarehe. Mkutano ni kipindi chote Bunge linapokaa. Kikao ni siku moja ndani yake. Watu wengi huchanganya hayo mawili wakaletewa kitabu kisichohusika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30.

2. Ruka maswali na majibu. Sehemu hii hukaa mwanzoni, na ndiyo inayopotosha zaidi. Mbunge wa Kigoma anauliza barabara itajengwa lini, Naibu Waziri anajibu kuwa Serikali inatafuta fedha. Hapo hakuna kilichoamuliwa. Ukitaka kuiweka, iandike chini kabisa kama ahadi ya Serikali.

3. Soma mabano. Uamuzi wa Bunge hauko kwenye hotuba, uko kwenye maelezo mafupi ambayo waandishi wa Hansadi huweka kwenye mabano. Fungua faili, bonyeza Ctrl+F, tafuta neno "iliamuliwa", kisha "ilipitishwa" na "Ulisomwa". Utakutana na maneno kama haya:

(Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa)

(Ibara iliyotajwa hapo juu ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima pamoja na marekebisho yake)

Kamati ya Bunge Zima ni wabunge wote wakikaa kama kamati kupitia muswada ibara kwa ibara. Maneno "pamoja na marekebisho yake" ni mazito. Tuseme Ibara ya 12 ya muswada ilikuwa inataka faini ya shilingi milioni tano, mbunge akaomba ipunguzwe hadi milioni mbili. Rudi nyuma kurasa chache utazame mambo matatu: nani aliwasilisha jedwali la marekebisho, Waziri alikubali au alikataa, na mbunge mwenyewe aliendelea au aliondoa hoja yake. Mabano yakisema "bila ya mabadiliko yoyote", basi faini ni ile ile milioni tano, hata kama wabunge kumi waliipinga na ukumbi ukajaa (Makofi). Makofi si kura.

Kwenye bajeti za wizara kuna mtego mwingine: kushika shilingi. Mbunge anatishia kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri hadi apewe maelezo, mjadala unawaka, magazeti yanaandika. Kurasa mbili mbele anarudisha shilingi, na fungu la fedha la wizara linapita kama lilivyokuja. Andika mwisho wake, moto wake waachie wenyewe.

4. Eleza kura ilivyopigwa. Mara nyingi Spika huhoji, wabunge wakajibu "ndiyo" au "siyo" kwa sauti, hivyo idadi haipo. Andika "kwa sauti" uishie hapo. Usibuni namba wala usiseme "wote waliunga mkono". Bajeti Kuu ya Serikali ni tofauti: kila mbunge huitwa kwa jina na jibu lake huingia kwenye Hansadi, kwa hiyo unaweza kunukuu hesabu na hata kuonyesha mbunge wako alisemaje.

5. Jaza muhtasari. Kwa kila muswada, mistari minne inatosha:

Muswada: jina lake kamili na mwaka
Hatua: kusomwa mara ya kwanza, ya pili au ya tatu
Kura: kwa sauti, au kwa majina na idadi
Matokeo: maneno ya mabano, pamoja na ukurasa

Hatua usiiache wazi. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza mwaka 2022, ukapitishwa Novemba 2023. Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa jina tu, kisha unakwenda kwenye kamati; aliyeandika "umepita" mwaka ule wa kwanza aliwatangulia wabunge kwa zaidi ya mwaka mzima.

Na hata baada ya kusomwa mara ya tatu, andika "umepitishwa na Bunge, unasubiri saini ya Rais". Kwa Ibara ya 97 ya Katiba, muswada hauwi sheria bila kibali chake, na anaweza kuurudisha bungeni na sababu zake. Saini hiyo hutaiona kwenye Hansadi ya siku ile. Subiri Spika aitangaze kwenye mkutano unaofuata, au itafute sheria yenyewe ikiwa na namba yake, ndipo urekebishe karatasi yako ubaoni.