SOMO: Kuandika About ya LinkedIn kwa injinia aliyemaliza chuo juzi na hana projekti za kutosha

Wakuu, kila wiki napata meseji ileile, "kaka nimemaliza civil, LinkedIn niandike nini wakati sina uzoefu?" Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii. Mfano wangu ni civil wa Tanzania, wa fani nyingine badilisheni vifaa na vipimo.

1. Fungua profaili, kama About haipo iongeze.

2. Location weka mji uliopo kweli. HR anachuja kwa eneo, ukiacha ya zamani hata hakuoni.

3. Nafasi ni herufi 2,600 ila anayefungua anaona mistari michache tu ya juu, kwa hiyo cha muhimu kianzie hapo.

4. Maneno ya kutafutwa. Hapa ndo watu wanaharibu. HR hasomi profaili moja moja, mji anauchagua kwenye kichujio cha eneo, halafu anaandika cheo na kifaa kwenye kutafuta, mfano:

```
"civil engineer" AND "Civil 3D"
```

Sasa wewe umeandika hardworking, passionate, team player. Nani anatafuta mtu kwa hayo? Na kuna mtego mwingine: ukijiita tu "Civil Engineering graduate", anayetafuta "civil engineer" ndani ya alama za kunukuu hakupati, maana maneno hayo mawili hayajafuatana popote kwenye profaili yako. Lakini pia usikimbilie kujiita "Graduate Engineer" kama hujasajiliwa, hilo ni daraja la usajili la ERB, na "Eng." mbele ya jina ndo kabisa usiiguse. Dawa yake ni kutaja kazi unayoitafuta:

```
Civil Engineering graduate in Dar es Salaam, looking for
Graduate Civil Engineer and Site Engineer roles.
AutoCAD Civil 3D, levelling, soil and concrete testing.
```

Hujadanganya chochote na maneno yote yanayotafutwa yapo. ANGALIZO: usirundike programu ishirini. Kila neno uliloweka utaulizwa kwenye intavyuu, kama huwezi kulielezea dakika mbili litoe.

5. PT ni uzoefu, acheni kuiona kama likizo ya kujaza logbook. "Nilishiriki shughuli mbalimbali za saiti" haisemi kitu. Sema ulishika nini: nilisoma levo kwa auto level, nilifanya sand replacement test kuangalia tabaka la barabara limeshindiliwa vizuri, nilitengeneza cube za zege za 150 mm zikavunjwa siku ya 7 na ya 28. Projekti ya mwaka wa mwisho nayo hivyohivyo. Kama uliweka majivu ya pumba za mpunga badala ya sehemu ya saruji, taja asilimia ulizojaribu na ipi ilitoa nguvu nzuri. Mbili ukizieleza hivi zinatosha.

6. Malizia na email.

MASWALI

Swali: Mkuu niandikie ya kwangu basi, niko bize.
Jibu: Hapana. Soma namba 4.

Swali: Revit nimeangalia video tu, niweke?
Jibu: Umesoma angalizo? Chora nyumba moja mpaka iishe ndo uweke.

Swali: Kaka samahani, PT yangu yote ilikuwa ofisini, nilikuwa naandaa BOQ tu saiti sikwenda. Hiyo inahesabika?
Jibu: Inahesabika sana dada yangu. Taja kwamba ulitoa vipimo kwenye michoro, ulitumia Excel, na ilikuwa kazi gani, jengo au barabara. Halafu chukua matangazo kama matano ya kazi unayoitaka, pigia mstari maneno yanayojirudia. Yale unayoyaweza kweli yaingize kwa tahajia hiyohiyo ya tangazo, kama wao wameandika "Bill of Quantities" na wewe una BOQ peke yake, weka zote mbili.

Swali: Nitajuaje imefanya kazi?
Jibu: Swali zuri. Angalia Search appearances kabla hujabadilisha, andika namba pembeni, rudi baada ya wiki chache. Haijasogea? Maneno hayapo au mji umekosewa. Imepanda ila hakuna anayefungua profaili? About haina kosa, mtu anakuona kwenye orodha anapita, hapo rekebisha Headline na picha.

Swali: Na ile ya Open to work, niweke duara la kijani?
Jibu: Kama huna kazi weka tu. Kama uko mahali kwa muda na hutaki bosi ajue, chagua Recruiters only, ingawa LinkedIn wenyewe wanasema hawakuhakikishii siri asilimia mia. Na pale kwenye vyeo usiweke kimoja, weka Site Engineer na Graduate Civil Engineer vyote.